Hata, Licha ya, Bado

Kinyangiri, wilayani Mkalama, anaishi mwalimu mstaafu wa Kiswahili ambaye vijana wa pale humpelekea maandishi yao kabla hayajatoka kwa watu: habari za kijiji, risala za vikundi, hotuba za mahafali, makala wanazotaka kuzituma mbali. Nimekaa naye mara nyingi akisahihisha, na kila mara nimeondoka na heshima ileile niliyonayo kwa seremala anayepiga randa bila haraka mpaka ubao unyooke.

Mkalama ni mahali ambapo kazi hii haikwepeki. Wapo Wanyiramba na Wanyisanzu, wapo Wanyaturu na Wasukuma, wapo Wairaqw ambao majirani huwaita Wambulu, wapo wafugaji Wabarbaig, na upande wa Munguli wapo Wahadzabe. Karibu kila kundi lina jina linalojiita na jina linaloitwa na jirani, na jina la jirani mara nyingi lilizaliwa kwenye ugomvi. Wabarbaig ni tawi la Wadatoga, lakini Singida nzima utasikia wakiitwa Wamang'ati, neno lililotoka kwa Wamasai, ambao walikuwa wakimwita hivyo adui. Wahadzabe nao huitwa Watindiga, jina ambalo wao wenyewe hawalitumii. Anayeandika habari ya mnada au ya kisima hapa hawezi kufika aya ya pili kabla hajachagua jina la mtu.

Vijana wengi wanajua sehemu rahisi ya kazi. Wanajua kwamba badala ya kilema huandikwa mtu mwenye ulemavu, kama Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inavyosema, na badala ya zeruzeru huandikwa mtu mwenye ualbino. Hubadilisha nomino, wakaona wamemaliza. Mwalimu huanzia pale wanapoishia. Kwa maoni yake, na baada ya kumtazama kwa muda mrefu nakubaliana naye, dharau haikai sana kwenye nomino. Inakaa kwenye maneno madogo: hata, licha ya, bado, kama.

Kijana mmoja alimletea habari ya mashine ya kukamua alizeti. Aya yake ya kwanza ilikuwa hivi:

"Kwenye mashine yetu ya alizeti yupo mtu mwenye ulemavu wa miguu ambaye, licha ya hali yake, anafanya kazi kwa bidii kama watu wa kawaida. Anasaidiwa na mwanamama jasiri anayebeba magunia kama mwanaume. Wateja ni wakulima wa hapa, na hata Wamang'ati siku hizi wanafika kununua mashudu."

Nia ya kijana ilikuwa njema kabisa. Alitaka kusifu. Mwalimu hakumwambia kwamba amekosea, alimuuliza.

"Mwanangu, hii 'licha ya hali yake' inafanya kazi gani hapa?"

"Mwalimu, nilitaka wasomaji waone juhudi zake."

"Basi waonyeshe. Anafanya nini pale?"

Kijana akaeleza. Yule bwana ndiye anayepima. Anakaa kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu kando ya mizani, na mizani imewekwa kwenye kijukwaa kifupi ili aisome akiwa amekaa. Daftari la madeni liko mapajani pake. Anaijua alizeti yenye unyevu kwa kuishika tu, na gunia lenye unyevu hulirudisha likaanikwe, kwa sababu alizeti isiyokauka hutoa mafuta machache na kusumbua mashine. Mwalimu akamwambia ayaandike hayo, na kabla ya kijana kushika kalamu akapiga mstari juu ya maneno manane ya sentensi ya kwanza, kuanzia "licha" hadi "bidii", kisha akaendelea hadi "kawaida".

Hapo ndipo ufundi ulipo. "Licha ya" humtangazia msomaji kwamba mwandishi hakutarajia kitu kutoka kwa mtu huyu. "Kama watu wa kawaida" humtoa mtu kwenye kundi la watu kisha ikamrudisha kwa fadhila. Hata ukiweka nomino yenye heshima kiasi gani, maneno hayo mawili huifuta. Ukiyaondoa, huhitaji kuweka mahubiri mahali pake, kwa kuwa mizani na daftari vimeshasema. Na ulemavu haukufichwa. Baiskeli imetajwa pale inapofanya kazi, yaani pale inapoeleza kwa nini mizani iko chini.

Kutaja kinachofanyika badala ya kubandika jina kuna historia yake katika kazi za takwimu. Mwaka 2001 liliundwa chini ya Umoja wa Mataifa Kundi la Washington la Takwimu za Ulemavu, na seti yake fupi ina maswali 6: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Msailiwa anaulizwa kama anapata shida kuona hata akivaa miwani, naye huchagua jibu moja kati ya manne, kuanzia hakuna shida hadi hawezi kabisa. Neno ulemavu halimo kwenye maswali yenyewe. Sababu yake ni ya kiutendaji: ukiingia nyumbani ukauliza kama kuna mlemavu, familia nyingine humficha kwa aibu, na mzee asiyeona vizuri hujibu hapana kwa kuwa anaona ni uzee tu. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 iliuliza kwa njia ya namna hiyo. Makarani walioizunguka nchi hawakumhubiria mtu, na watu walijibu.

Sentensi ya pili ya kijana ilimchukua mwalimu muda mrefu zaidi. Kwa jinsia, Kiswahili kimetupa nafasi ambayo lugha nyingi hazina: anapima, anabeba, anaongoza, na hakuna anayelazimika kujua kama ni mwanaume au mwanamke. Mwenyekiti ni mwenyekiti. Kwa hiyo jinsia ikijitokeza kwenye sentensi ya Kiswahili, mara nyingi ni mwandishi aliyeiingiza, naye anapaswa kuwa na sababu. Mwalimu ana jaribio dogo la kupima sababu hiyo: geuza sentensi. Je, ungeandika "mwanaume jasiri anayebeba magunia kama mwanaume"? Sentensi inaanguka. Ukiondoa "jasiri" na "kama mwanaume", kinachobaki ni gunia, na gunia la alizeti huweza kuzidi kilo 60. Uzito huo unatosha. Kijana akaandika kwamba mama huyo hulibeba begani kutoka kwenye mkokoteni hadi kwenye mizani, na akabaki kuitwa mama kwa sababu ndivyo kila mtu pale anavyomwita.

Lipo kosa la upande wa pili, na mwalimu ni mkali kwalo kuliko la kwanza. Mwanafunzi akipata ujauzito, habari huandikwa "wasichana wapata mimba" utadhani mimba ni homa iliyopita kijijini. Hapa jinsia imetajwa nusu, na nusu nyingine imefichwa ndani ya kitenzi. Mwalimu hudai mtendaji arudishwe: nani aliwapa, ni mwanafunzi mwenzao au mtu mzima, na kesi imefika wapi. Tangu Novemba 2021, serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, anataka pia sentensi ya mbele: amerudi, yuko darasa gani. Msichana huyo hageuzwi kuwa mfano wa kuwatisha wengine.

Sentensi ya tatu ilikuwa na "hata". "Hata Wamang'ati siku hizi wanafika." Ndugu yake "hata" ni "bado", na huyo hupenda kukaa kwenye habari za Wahadzabe: bado wanawinda, bado wanakula mizizi, kana kwamba wamechelewa basi ambalo kila mtu alipaswa kulipanda. Mwalimu huandika kwa kitenzi cha mazoea tu: huwinda, huchimba mizizi, hurina asali. Kwa Wabarbaig alimwambia kijana aandike wanachonunua na sababu yake. Mashudu ya alizeti yana protini nyingi, na kiangazi nyasi zikikauka mfugaji huyatafuta ili ng'ombe wa maziwa wasipungue.

Lakini kwenye habari ileile kulikuwa na mzee anayesema, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba mashudu yamepanda bei tangu Mang'ati waanze kuyanunua. Kijana alitaka kubadilisha maneno ya mzee, au kuweka maelezo pembeni kwamba jina hilo halifai. Mwalimu alikataa yote mawili. Maneno ya mzee yabaki ndani ya alama za kunukuu kama alivyoyatamka. Sentensi inayofuata, ya mwandishi, ianze hivi: "Wabarbaig wanaonunua mashudu hapa wanasema bei ilipanda kwanza kwa wakulima." Majina mawili yanasimama mfululizo, upande wa pili unajibu, na msomaji anapata jina sahihi bila kusimamishwa njiani afundishwe. Sijaona njia nadhifu kuliko hiyo ya kusahihisha bila kumwaibisha mtu.

Nomino nazo hazina kanuni moja, na ukifuata orodha kwa upofu utawakosea watu wenyewe. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimechagua neno viziwi kwenye jina lake. Wanachama wake wana lugha yao, Lugha ya Alama ya Tanzania, kwa hiyo neno linalokosea kwao ni bubu, linalodai kwamba hawana lugha. Kwa upande mwingine, watu wenye ualbino wameliacha zeruzeru, na wana kila sababu ya kuogopa maneno: wakati wa mauaji yaliyotikisa nchi kuanzia miaka ya 2000, walikuwa wakizomewa mtaani "dili", yaani biashara ya pesa. Mwalimu huangalia pia upatanisho. Kiziwi amefika, vipofu wawili wamekaa. Anayeandika "kiziwi kimefika" ameshamtoa mtu kwenye ngeli ya watu, na hakuna nomino itakayomrudisha.

Hatua yake ya mwisho ni kumsomea habari mtu aliyeandikwa, kabla haijatoka. Kijana akaenda kwenye mashine akamsomea yule bwana wa mizani. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka pale kijana alipositasita kwenye neno baiskeli, akasema yeye mwenyewe hujiita kiwete na wenzake wa kijiweni humwita hivyo, ila kwenye karatasi hapendi. Kisha akasema kuna kosa moja. Habari ilikuwa imemwita mfanyakazi wa mashine. Mashine ni yake na shemeji yake, wameinunua kwa kuchanga, na yule mama anayebeba magunia ndiye shemeji mwenyewe.

Si kijana wala mwalimu aliyekuwa ameuliza mashine ni ya nani. Aya iliandikwa upya kuanzia neno la kwanza: "Wenye mashine ni wawili."