Ndogo Kuliko Punje ya Mchele, na Betri Imepona!

Imefika! Kipande cha mkanda wa plastiki, na ndani yake regulata za AP2112K-3.3 zimelala mojamoja, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele, miguu mitano. Mzigo umetoka Dar es Salaam, umevuka Kobero, umepita Muyinga mjini na kunikuta mimi hapa Gitega. Kichekesho ni kwamba zitarudi Muyinga kwa njia ile ile ya Karuzi, kwa sababu kifaa ninachozifungia ni cha huko: kipima joto na unyevu cha kuwekwa chini ya meza za kukaushia kahawa, moduli ya ESP32, betri moja ya lithiamu na paneli ndogo ya jua. Chai ilipoa mezani. Nililehemu kwanza.

Jamani, tofauti!

Kifaa cha zamani kilikuwa na AMS1117, ile regulata iliyojaa kwenye bodi zote za bei nafuu. Si mbovu, ila inadai pengo. Ili itoe volti 3.3 zilizonyooka, upande wa kuingilia lazima uzidi kwa volti 1.1 hivi, maana yake 4.4. Sasa betri ya lithiamu ikiwa imejaa kabisa ina volti 4.2. Umeona? Haitoshi hata siku ya kwanza, hata ukiwa umetoka kuichomoa kwenye chaja! Regulata haizimiki kwa hilo. Inaifuata tu betri kwa chini, pengo lake likiwa palepale. Betri ikifika 3.7, ambako lithiamu hukaa sehemu kubwa ya maisha yake, upande wa pili unapata 2.6. ESP32 inawasha waifai, inavuta miliampea 300 kwa mpigo, volteji inazama, na kwenye skrini unasoma:

```
Brownout detector was triggered
```

Kisha inajiwasha upya, inavuta tena, inaanguka tena. Fundi mwenzangu wa Muyinga alikuwa ananiambia kwa simu, "Kaka, betri ulizonipa zimechoka." Hazikuchoka. Zilikuwa na zaidi ya nusu ya chaji.

Sasa sikia hii mpya. Kwa miliampea 600 pengo lake ni volti 0.25 tu, na kwa miliampea 300 ni karibu nusu ya hapo. Kwa hiyo 3.3 inabaki 3.3 mpaka betri ishuke karibu na 3.45, na hata ikivuka hapo haikutupi: betri ikiwa 3.2 bado unapata kama 3.1, na moduli inakubali kuanzia 3.0. Nimeiendesha mezani kwa betri iliyokuwa inasemwa imekufa, waifai inatuma, taa inapepesa, nami nacheka peke yangu.

Kuna jambo lililonifurahisha kuliko hilo. AMS1117 hunywa miliampea 5 kwa ajili yake yenyewe, iwe kifaa kinafanya kazi au kimelala. Zidisha kwa saa 24: miliampea-saa 120 kila siku, bure! Betri ya 2500 inaisha ndani ya wiki tatu bila kupima hata joto moja. AP2112K hunywa mikroampea 55, ambazo kwa siku hazifiki miliampea-saa moja na nusu. Kwa kifaa kinachoamka kidogo na kulala sana, hapo ndipo pesa ilipo.

Joto nalo nimelipima kwa kidole kabla ya hesabu, kisha kwa hesabu. Regulata ya aina hii haibadilishi volteji ya ziada kuwa kitu cha maana; inaichoma. `P = (Vin - Vout) × I`. Kutoka betri iliyojaa, 0.9 mara ampea 0.1 ya kawaida ya waifai ni wati 0.09, hata huisikii. Kutoka chaja ya volti 5 ni wati 0.17, na kwa kuwa kigamba hiki kidogo hupanda karibu nyuzi 187 kwa kila wati kisipopewa shaba ya kutosha, unaongeza nyuzi 32 juu ya hewa ya chumba. Vuguvugu tu. Ila ukikilazimisha kutoa miliampea 300 mfululizo kutoka volti 5, kinapanda nyuzi 95, na mchana wa nyuzi 25 tayari uko 120. Hapo unachezea ukingo. Na tafadhali, usikiunganishe na betri ya sola ya volti 12: mwisho wake ni volti 6, kitakufa kabla hujaondoa kidole. AMS1117 ingevumilia 12, lakini kwa miliampea 100 ingechoma wati 0.87 ili kumpa mteja wati 0.33. Huko shusha kwanza kwa bodi ya koili.

Kapasita ya kutokea, sasa, ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kila kapasita ina ukinzani wake wa ndani, ule unaoandikwa ESR kwenye karatasi za maelezo, na watu wengi hudhani ukiwa mdogo ndivyo bora. Kwa regulata za kizazi cha LM1117, hapana! Karatasi yake inataka ukinzani huo uwe kati ya omu 0.3 na 22. Regulata hujisahihisha kwa kujitazama yenyewe, na kapasita ya kutokea huchelewesha taarifa. Usahihishaji ukichelewa mno unageuka kuwa msukumo wa kuchochea kosa, na volteji inaanza kutetemeka bila kukoma. Ukinzani ule mdogo ndio unaorudisha muda uliopotea, kuanzia `f = 1/(2π × ESR × C)`. Mikrofaradi 10 na omu 0.5: kilohezi 32, msaada unafika mapema. Weka seramiki ya omu 0.01 mahali pale pale: megahezi 1.6, msaada unafika wakati mzunguko umeshapotea.

AP2112K imetengenezwa ikae na seramiki ya mikrofaradi 1, basi. Nimeweka 2.2 ya X7R, kwa sababu seramiki za bei ya chini hupoteza sehemu kubwa ya ujazo wake zikishawekewa volteji.

Nilihakikisha hivi: rezista ya omu 33 ya nusu wati, ambayo kwa 3.3 huvuta miliampea 100, ikiwashwa na kuzimwa na transista, na osiloskopu ya DSO138 ikitazama. AP2112K ilizama kidogo ikarudi pale pale, kimya! Bodi ya zamani, niliyokuwa nimeibandika seramiki tupu, ilipiga mawimbi. Nikaipa seramiki ile rezista ya nusu omu kwa mfululizo, mawimbi yakafa. Angalizo kwa wenye osiloskopu kama yangu: inaona mpaka kilohezi 200, kwa hiyo mtetemo wa juu zaidi itakuficha, na dalili pekee utakayobaki nayo ni regulata yenye joto isiyo na mzigo, au vipimo vya sensa vinavyorukaruka.

Kinachonisumbua ni miguu ya AP2112K. Kuilehemu kwa mkono kunataka ncha nyembamba na miwani, na fundi wangu wa Muyinga ameshaniambia nimpelekee bodi iliyokamilika, si mkanda. Regulata nyingine, MCP1700, ina umbo la transista ya kawaida, miguu mitatu mirefu, na hunywa mikroampea 1.6 tu! Lakini inaishia miliampea 250, chini ya ile mipigo ya waifai, kwa hiyo nimeiagiza kwa ajili ya vipima mvua visivyo na redio.