Kuchonga Uso kwa Mwanga na Kivuli

Picha ninayoichambua ni ya mama wa makamo mwenye ngozi nyeusi, ameketi kando ya dirisha. Mwanga unatoka kushoto kwa mtazamaji. Paji la uso linang'aa vizuri, lakini shavu la kulia limelala bapa, mfupa wake hauonekani.

Kabla ya kugusa mwanga, chora ramani. Pablo Inirio, msafishaji picha wa Magnum kule New York, aliandika mistari na namba juu ya nakala za majaribio, ikiwemo ile ya James Dean akiwa Times Square, iliyopigwa na Dennis Stock mwaka 1955. Alama hizo zilionyesha sehemu ya kuzuia mwanga na sehemu ya kuuongeza. Kwenye Photoshop, fungua leya tupu na uchore hivyo hivyo: sehemu za kung'arisha kwa rangi moja, za kukoleza kwa nyingine.

Kisha weka leya mbili za Curves. Ya kwanza ivute katikati kwenda juu, kutoka 128 hadi karibu 150; ya pili ishushe hadi karibu 105. Geuza maski zote kuwa nyeusi kwa Ctrl+I, halafu pitisha brashi laini nyeupe, Flow ikiwa 2. Kwa Flow ndogo namna hiyo mguso mmoja hauonekani. Umbo linajengeka polepole, na unaweza kusimama wakati wowote.

Kwa mama huyu nilitumia brashi yenye upana wa nusu ya shavu. Niling'arisha juu ya mfupa wa shavu la kulia, nikakoleza chini yake kuelekea sikioni. Shavu hilo lilibaki na giza kuliko la kushoto, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiyasawazisha mashavu, dirisha linapotea na uso unakuwa kama kinyago. Puani niligusa mgongo tu, upande unaotazama dirisha.

Ngozi nyeusi ina mtego wake. Curves ikiinua mwanga, rangi hupungua nguvu, na ngozi huanza kuonekana kama imepakwa majivu. Niliongeza leya ya Hue/Saturation, nikanakili humo maski ya kung'arisha, nikapandisha Saturation hadi 8. Wekundu wa shavu ukarudi.

Kukagua, punguza picha hadi itoshe kiganja. Mabaka yasiyoonekana ukiwa umeikuza hujitokeza hapo, hasa pembeni mwa taya na chini ya macho. Leya ya Black & White juu ya zote nayo husaidia, maana rangi huficha mabaka.

Mwishoni mimi hushusha Opacity ya leya zote mbili za Curves hadi karibu 70, kwa sababu jicho lililokaa muda mrefu kwenye uso mmoja huzoea kilichozidi.