Mikate Mingapi, na Saa Ngapi

Mara ya kwanza nilimwona amesimama ng'ambo ya duka la Mangi, karibu na kituo cha bodaboda, saa 12 kasoro asubuhi. Hakununua kitu wala hakuongea na mtu. Mkononi alikuwa na daftari dogo la mistari, na kila mteja alipotoka dukani aliweka alama. Kesho yake alikuwa palepale. Siku ya tatu nikamuuliza anatafuta nini huku Mbagala. Akajibu kwa upole, "Naangalia watu wanaotoka bila mkate, kaka."

Alikuwa ametumwa na tanuri la mikate la Temeke lililotaka kuanza kusambaza kwetu, katika mitaa ya nyuma ya Rangi Tatu. Kazi yake ni kufungua njia, maana yake kuwafahamisha wenye maduka kwamba huduma inakuja, kisha kuhakikisha asubuhi ya kwanza guta haliji na mikate isiyo na mwenyewe. Nilimwomba nimfuate. Nilimfuata wiki mbili, na tangu hapo nikipita mbele ya duka jipya lililopambwa kwa maputo na muziki, nauliza moyoni kama kuna mtu aliyesimama hapo alfajiri na daftari kabla ya maputo kufungwa.

Daftari lake lilionyesha jambo moja. Maduka mengi ya mitaa ile yalikuwa yakiletewa mkate tayari, lakini gari lililouleta lilifika saa 2 asubuhi au baada yake. Saa hiyo fundi, mwanafunzi na mfanyakazi wa bandarini wameshapanda daladala. Waliokuja dukani saa 12 walikuta mikate ya jana miwili au mitatu, wakaibonyeza kwa kidole, wakaiacha, wakanunua maandazi kwa jirani. Katika duka la Mangi peke yake, asubuhi ya pili, alihesabu watu tisa wa namna hiyo kabla ya jua kuchomoza vizuri.

Kwa hiyo alijua atatangaza nini. Hangesema mkate wao ni mtamu zaidi, kwa kuwa kila muuzaji husema hivyo. Wala hangesema ni wa bei nafuu, kwa kuwa tofauti ya shilingi 50 hujibiwa na mpinzani ndani ya wiki. Angetangaza saa.

Saa ndiyo pia iliyomchorea mipaka. Mkate unatakiwa umfikie mwenye duka kati ya saa 11 alfajiri na saa 12:30 asubuhi, yaani dakika 90. Guta likisimama, kreti ikashushwa, mikate ikahesabiwa, fedha zikapokelewa na safari ya kwenda duka linalofuata ikaanza, zinapita dakika kama tano. Gawanya 90 kwa tano, utapata vituo 18. Zaidi ya hapo, duka la mwisho litapokea mkate saa ambayo mpinzani naye anafika, na ahadi itakuwa uongo. Kwa sababu hiyo eneo jipya, ambalo bosi wake alilitaja kwa jina la kata nzima, yeye alilibana likawa mitaa minne inayoshikana.

Nilimuuliza kwa nini asitangaze kote halafu achague. Alinisimulia kosa alilolishuhudia zamani, katika tanuri jingine. Walikodi gari la matangazo, kipaza sauti kikazunguka siku mbili, na simu zikalia mpaka usiku. Asubuhi ya kwanza gari lilikuwa bado kwenye duka la kumi na moja saa 2:30. Waliochelewa kufikiwa hawakugomba. Walisema tu, "Tumeshanunua." Walipofuatwa wiki iliyofuata wakasema hivyohivyo. "Mtu akikusubiri ukakosa kufika," aliniambia, "mara ya pili hakusubiri, hata ukifika."

Ziara zenyewe alizianza Alhamisi, siku sita kabla ya Jumatano ya kwanza ya usambazaji. Akitangaza mapema zaidi, watu husahau. Akichelewa zaidi, mwenye duka hana muda wa kupanga fedha ya mauzo. Alipita saa 4 hadi saa 6 mchana, na tena saa 9 alasiri, saa ambazo dukani kumepoa. Hakuingia kwa mama lishe anayekanda maandazi na chapati zake mwenyewe, kwa kuwa kumwuzia mkate ni kumwomba aue biashara yake. Alipita maduka ya rejareja, vibanda vya chai vilivyo karibu na vituo vya bodaboda, na shule mbili za chekechea ambazo watoto hunywa uji saa 4.

Karatasi aliyoiacha ilikuwa nusu ya karatasi ya kawaida, yenye mistari mitano: siku ya kuanza, saa ya kufika, bei ya jumla, mkate uliobaki unafanyiwa nini, na namba ya simu. Mstari wa nne ndio uliosomwa kwa kidole. Mkate ule uliuzwa kwa jumla shilingi 1,200, dukani shilingi 1,400. Faida ni 200. Mkate mmoja ukilala na kutupwa, umekula faida ya mikate sita. Mwenye duka hana haja ya kufundishwa hesabu hiyo, anaijua kwa uchungu. Kwa hiyo karatasi iliahidi kwamba wiki ya kwanza mkate uliobaki utabadilishwa kwa mpya asubuhi inayofuata. Baada ya wiki hiyo, idadi itakuwa imejulikana na kila mtu atabeba wake.

Sanaa yake niliiona hasa kwa mama mmoja mwenye duka la kona, lenye dirisha la nondo na freezer ya barafu za watoto. Alimwamkia, "Shikamoo mama." Akajibiwa, "Marahaba, mwanangu, karibu." Mama akasoma karatasi, akasifia, akasema kauli ambayo mimi ningeondoka nayo nikifurahi: "Ni jambo zuri. Acha namba, nitakupigia."

Yeye hakufurahi, wala hakusukuma. Anaijua kauli hiyo kuwa kukataa kwa adabu, au kuchoka kuamua. Akauliza, "Mama, watu wanaokuulizia mkate kabla ya saa 1 asubuhi ni kama wangapi?" Mama akafikiri, akawataja kwa majina: yule wa gereji, mama wa mapacha, wanafunzi watatu wa nyumba ya nyuma, mlinzi anayetoka zamu. "Sita, saba." Naye akasema, "Basi Jumatano nikuletee sita?"

Tazama alivyolipunguza swali. Mwanzoni mama aliulizwa kama anataka kubadilisha msambazaji, swali zito, lenye undugu na madeni ndani yake. Sasa anaulizwa kuhusu mikate sita ya asubuhi moja, ambayo wanunuzi wake ameshawataja mwenyewe. Mama akacheka, akasema, "Lete sita." Pale pale akaandika mbele yake: jina la duka, 6, Jumatano, saa 11:40. Akamsomea. Hamu ikageuka kuwa namba.

Kwa Mangi mambo yalikuwa kinyume. Mangi alitaka mikate 20 mara moja, kwa mali kauli, alipe ikishauzwa. Yule kijana alimpa kumi kwa fedha taslimu, kwa heshima kubwa, akimweleza kwamba tanuri bado halijamjua na yeye bado hajalijua tanuri. Baadaye aliniambia kwamba anayetaka mzigo mkubwa bila kuuliza saa ya kufika anatafuta mkopo, hatafuti mkate. Anayeuliza, "Kweli mtafika kabla ya saa 12?" ndiye mteja, hata akinuna. Chekechea moja nayo ilitaka kulipa mwisho wa mwezi. Aliiandika pembeni, nje ya hesabu, kwa kuwa wiki ya kwanza haina nguvu ya kubeba deni la mwezi.

Alipita sehemu 41. Walioonyesha kupendezwa walikuwa wengi, lakini yeye hakuwahesabu. Waliotaja namba walikuwa 14, jumla mikate 78. Alibakiza nafasi nne tupu kati ya zile 18, kwa makusudi, ili guta liweze kupotea njia mara moja au mbili bila kuvunja ahadi.

Jumanne jioni alimtumia kila mmoja ujumbe. Wa mama ulisema: "Shikamoo mama, ni yule kijana wa mikate. Kesho naleta mikate 6, saa 11:40. Ukitaka kubadilisha idadi nijulishe kabla ya saa 2 usiku." Hiyo saa 2 ilitoka tanurini. Mkate wa kukatwa vipande lazima upoe kwa muda wa kama saa mbili kabla ya kisu kuupita, la sivyo katikati unanata, na ukifungwa ukiwa na joto mfuko hutoa jasho na ukungu hufuata. Ili upoe kabla ya saa 10 usiku, unga lazima ukandwe mapema, na anayekanda lazima ajue anakanda wa mikate mingapi.

Asubuhi ya kwanza duka moja lilikuwa limefungwa na jingine halikuwa na fedha. Mikate 12 ikarudi Temeke. Mama alipokea sita yake saa 11:43, akauza minne. Alhamisi ilipofika, kijana alibadilisha ile miwili iliyolala, kisha kabla mama hajasema neno akamwambia, "Leo nakuachia minne tu, mama." Nilidhani anapoteza mauzo. Lakini mama aliyebakiwa na mikate miwili kila siku angeacha wiki ya pili, bila hata kumwambia sababu. Mama anayemaliza minne saa 1 asubuhi, na kumwona mteja wa tano akiondoka mikono mitupu, anaanza kupiga hesabu mwenyewe.

Ijumaa mama aliuza yote minne. Jumamosi vilevile. Jumatatu ya wiki ya pili tulikuwa tumekaa kibarazani kwangu, tunakunywa chai, simu yake ikalia. Ilikuwa saa 1:40 usiku. Aliitikia, "Naam mama," akasikiliza, akafungua daftari gotini, akafuta nne, akaandika saba. Alipokata simu, alilifunga taratibu.

"Hii ndiyo oda yake ya kwanza," akasema. "Zile nyingine nilikuwa namwomba mimi."