Baharia Asiyejua Mwisho: Namna ya Kusoma Ukurasa wa Shajara

Shajara ya baharia aliyelinda misafara ya meli katika vita vya 1939 hadi 1945 husomwa mara nyingi kana kwamba ni hadithi fupi: dhoruba ni utangulizi, na king'ora cha nyambizi ndicho kilele. Usomaji huo una kasoro. Mtunzi wa hadithi anajua mwisho. Mwenye shajara hajui. Kutojua huko ndiko kipimo cha kwanza cha ukweli wa ukurasa wake.

Dhoruba huchukua nafasi kubwa, maana huendelea kwa siku nyingi, na baharia huizoea hata akaandika habari za nguo zisizokauka na usingizi wa kukatika-katika. Mwanafunzi aliyekulia Kiomboi, mbali na bahari, huenda akayadhani hayo kuwa porojo. Kumbe ndiyo yanayoitayarisha hofu. Manowari ndogo inapoyumba, mapovu ya hewa hupita chini yake na kukizuia chombo kinachotuma mlio majini na kusikiliza mwangwi wake. Basi king'ora kinapolia ghafla, nani ajuaye kama mwangwi umerudishwa na nyambizi, nyangumi au kundi la samaki? Tena manowari iliyozuiwa na mawimbi kwenda kasi huweza kuumizwa na mabomu yake yenyewe, yanayolipukia chini ya maji. Kwa hiyo ukurasa wa usiku uleule hutaja mwangwi tu, na aghalabu humalizika bila jibu. Baharia akitueleza kwa yakini nia ya adui na mahali alipojificha, tushuku kwamba mkono wa baadaye umepita hapo.

Kipimo hiki kina uzito kwetu. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyokuwa katika msafara uliotoka Kilindini kwenda Kolombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Siku hiyo hapakuwa na dhoruba, lakini manowari Petard na Paladin zilikabiliwa na swali lilelile la mwangwi, huku walionusurika wakiogelea mahali palepale. Mabomu yakatupwa. Baadaye nyambizi iliibuka, ikazamishwa.

Sisi tunaojua kwamba iliibuka huliona tendo lile kuwa la lazima. Ukurasa ulioandikwa baada ya hapo nao utaliona hivyo. Bali katika dakika za kabla yake palikuwa na mwangwi tu, na vichwa vya watu juu ya maji. Mhakiki hana budi kuuliza kila sentensi iliandikwa upande gani wa dakika zile. Na asisahau kwamba shajara huandikwa na aliye sitahani. Waliokuwa majini hawakuwa na kalamu.