Mzigo na Hati Yake

Mwaka 2007 mafundi wa CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, walitaka kujua kama diski zao zinarudisha kile zilichopewa. Waliandika faili la gigabaiti 2 lenye mpangilio wa biti wanaoujua, kisha wakalisoma upya na kulinganisha. Kazi hiyo ilirudiwa kila baada ya saa 2, kwenye mashine zaidi ya 3,000, kwa wiki 5. Yakapatikana makosa 500 hivi katika mashine 100. Mengi yalitokana na diski na kadi za kuziendesha kutoelewana.

Diski inayokufa hupiga kelele, nayo mifumo hulalamika. Yenye makosa ya namna hii hujibu kwa adabu kwamba kila kitu kipo, huku ikikabidhi data iliyoharibika. Katika maandishi ya kompyuta, tarakimu 3 huandikwa 00110011 na tarakimu 7 huandikwa 00110111. Biti moja tu ikigeuka, deni la shilingi 300,000 linakuwa la 700,000, na hakuna wa kulistukia. Diski ina njia zake za kujisahihisha, lakini haziwezi kuilinda data iliyopotoshwa njiani, kwenye kebo, kadi au kumbukumbu ya muda.

Dawa yake ni cheksamu: namba inayokokotolewa kutokana na data yenyewe wakati wa kuandika, halafu ikakokotolewa tena wakati wa kusoma. Zikitofautiana, kuna kilichobadilika. Ustadi upo katika mahali pa kuiweka. Karani wa bandarini akiitia hati ndani ya gunia, gunia zima likibadilishwa na jingine, hati na mzigo bado vitaafikiana. Wabunifu wa ZFS, mfumo wa mafaili uliozaliwa Sun Microsystems, walilijua hilo. Cheksamu ya kila bloku waliiweka kwenye bloku ya juu yake, ile inayoielekeza, na ya hiyo ikawekwa juu zaidi, hadi kwenye mzizi. Kwa hiyo hata diski ikidai imeandika wakati haikuandika, au ikiandika mahali pasipo pake, inanaswa. Ni kazi nzuri ya mikono ya watu waliokataa kuiamini diski kwa neno lake.

Lakini cheksamu hukaguliwa bloku inaposomwa, na hesabu za miaka mitatu iliyopita nani anazifungua?

Chukua ofisi inayonakili mafaili yake yote kila usiku, kwenye mfumo usio na cheksamu, na kutunza nakala za siku 30. Bloku inaharibika tarehe 3 Machi. Usiku huo nakala inabeba uharibifu, na usiku unaofuata vilevile. Mwanzoni mwa Aprili nakala safi ya mwisho inafutwa ili kupisha mpya. Mwezi Juni mkaguzi anaomba leja, na bekapu zote 30 zina ubovu uleule.

Ndiyo maana data yote hupitiwa kwa ratiba, bloku kwa bloku, hata zile zisizoguswa na mtu:

```
zpool scrub hazina
zpool status -v hazina
```

Terabaiti 4 zikisomwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde huchukua kama saa saba na nusu, kazi ya usiku mmoja. Ofisi ile ingeupitia mfumo wenye cheksamu kila wiki mbili, ubovu wa Machi 3 ungejulikana kabla ya tarehe 18, nakala ya Machi 2 ikiwa bado kabatini. Muda kati ya ukaguzi na ukaguzi lazima uwe mfupi kuliko umri wa bekapu kongwe kabisa.

Pakiwa na diski mbili pacha, ZFS huitambua nakala nzima kwa cheksamu na kuiandika juu ya mbovu. Pacha wasio na cheksamu huonyesha tu kwamba wanatofautiana. Nani mkweli, haijulikani. Diski ikiwa moja, faili bovu hutajwa kwa jina, na fundi hulichukua kwenye bekapu. Data iliyoharibika kabla cheksamu haijakokotolewa, hiyo hupita.

```
  mirror-0  ONLINE       0     0     0
    sda     ONLINE       0     0     0
    sdb     ONLINE       0     0    14
```

Safu ya mwisho inasema bloku 14 za sdb zilikataliwa na cheksamu. Fundi mzoefu hakimbilii dukani. Namba ingepanda kwenye diski zote mbili kwa pamoja, angeshuku kadi au kumbukumbu. Ikiwa ni moja, anaanza na kebo. Anaibadilisha, anafuta hesabu kwa `zpool clear hazina`, anaanzisha upya ukaguzi jioni, na asubuhi anakuja kutazama safu ile ile.