Mistari Sita ya Mhasibu Msaidizi

Kuna ustadi katika kuandika wasifu wa kazi ambao ukifanywa vizuri hauonekani. Vyeo havibadiliki, tarehe zinabaki zilezile na hakuna kazi inayoongezwa. Kinachohama ni mistari tu, ile inayoanza na nukta chini ya jina la mwajiri. Mimi huutazama kwa heshima, kwa sababu anayeujua anafanya mengi bila kugusa ukweli.

Chukua mfano wa mhasibu msaidizi wa hoteli moja jijini Dar es Salaam anayeomba kazi ya afisa ununuzi katika hospitali binafsi. Wasifu wake wa awali una mistari sita, nayo imefuata uzito wa kazi machoni pa hoteli: kuandaa mishahara ya wafanyakazi 64, kuwasilisha ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi, kusuluhisha hesabu za benki, kulinganisha oda, hati ya kupokelea mali na ankara kabla ya kulipa, kukusanya nukuu za bei, kuhesabu mali ya stoo kila mwisho wa mwezi. Mpangilio huo ni wa haki kabisa. Mishahara ikichelewa, hoteli nzima inatikisika. Nukuu za bei za nyanya na mafuta ya kupikia hakuna meneja anayezikosea usingizi.

Lakini hospitali haiajiri mtu wa mishahara. Tangazo lake linataka mtu wa kushindanisha bei, kufuatilia oda mpaka mzigo upokelewe, na kulinda akiba ya stoo. Fundi wa wasifu analisoma tangazo kwanza, kisha anapandisha nukuu za bei ziwe mstari wa kwanza, ulinganishaji wa hati tatu wa pili, na hesabu ya stoo wa tatu. Usuluhishi wa benki na ritani vinafuata. Mishahara, fahari ya hoteli, inashuka mpaka mwisho, na hapo inapata maana nyingine: msomaji ambaye tayari amemwona mnunuzi sasa anaona mnunuzi aliyeaminiwa na fedha za watu.

Ninachokipenda zaidi ni kinachofuata, maana mistari iliyohamishwa haikai vizuri yenyewe. Mstari wa stoo ulikuwa unaanza na maneno “Kwa kutumia mfumo huohuo”, kwa sababu zamani ulitanguliwa na mwingine uliotaja programu ya hoteli. Ukipanda juu, “huohuo” haina pa kushika. Inabidi jina la programu liandikwe palipo mtajo wa kwanza, na kila mstari uweze kusimama peke yake. Urefu nao unadai marekebisho. Mstari wa mishahara ulikuwa na maelezo ya mistari miwili na tarakimu, wakati wa nukuu za bei ulikuwa na maneno manne. Ukiuacha ule mrefu chini ulivyo, jicho litaukimbilia hukohuko. Fundi anaupunguza ule na kuupa huu nyama: bidhaa zipi, wauzaji wangapi, nani aliidhinisha.

Hapo ndipo mpaka wa kazi hii unapojionyesha. Ikiwa alikusanya nukuu mara mbili tu, mnunuzi alipokuwa likizo, mstari ule hauwezi kukaa juu bila kusema hivyo. Swali la pili la usaili litaufikia. Tena, kama ndani ya hoteli ileile alipanda kutoka karani hadi mhasibu msaidizi, mistari isichanganywe kwa kigezo cha kufaa peke yake, kwani majukumu ya karani yatasomeka kama ya mhasibu. Vyeo vitenganishwe, kila kimoja na tarehe zake, ndipo mistari ipangwe chini ya kila cheo.

Kujua kama mpangilio umekubali ni rahisi. Funika jina la cheo kwa kidole, mpe mtu asiyejua unaomba nini asome mistari miwili ya kwanza, halafu akuambie mwombaji huyu anatafuta kazi gani. Akisema “uhasibu”, kazi bado. Angalia pia ukurasa unapokatikia, kwa sababu mstari bora ukiangukia ukurasa wa pili ni kama umeshushwa tena.

Mhasibu wetu akiomba kesho kazi ya ukaguzi wa ndani, mistari ileile sita inapangwa upya. Ulinganishaji wa hati tatu unashika nafasi ya kwanza, hesabu ya stoo inaufuata, kisha usuluhishi wa benki, na nukuu za bei zilizong’ara hospitalini zinakaa karibu na mwisho, juu kidogo ya mishahara.