Nani Anaongea Hapa?

Barua ninayotaka kuichambua haijawahi kuchapishwa popote. Ni kurasa tatu zilizobanwa kwa pini, na niliandikiwa na mwalimu aliyesimamia kikundi chetu cha majadiliano ya falsafa nilipokuwa mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimefeli insha, naye alikuwa amesikia kwamba nataka kuacha somo. (Baadaye niliacha chuo chenyewe, lakini hiyo ni stori ya karo, si ya falsafa.) Ameniruhusu kuizungumzia mradi nisimtaje jina. Aliandika kwa Kiingereza, kwa hivyo Kiswahili mtakachosoma hapa ni changu.

Wiki jana niliisoma tena, nikiwa na kitabu kando. Bado naona ni maandishi mazuri kuliko mengi niliyosoma kuhusu namna ya kusoma. Lakini kuna kitu inaficha, na sasa naweza kukitaja.

Kwanza kosa lenyewe. Tulikuwa tumepewa kitabu cha Descartes, *Tafakuri*, kilichotoka mwaka wa 1641 kwa Kilatini. Ni kitabu kifupi chenye tafakuri sita, na ile ya kwanza haifiki kurasa kumi. Mtu anaketi peke yake na kuamua kutilia shaka kila anachoamini, ili aone kama kuna chochote kitakachobaki kimesimama. Mimi niliandika kwenye insha kwamba Descartes anasema huwezi kutilia shaka kuwa umeketi karibu na moto. Kurasa mbili mbele nikaandika kwamba Descartes anaamini kuna pepo mwovu anayetudanganya kila wakati. Sentensi zote mbili zilikuwa kwenye kitabu, si nilizitoa humo humo? Nikapata alama 31.

Barua inaanzia hapo, bila salamu nyingi. "Hukukosea kuelewa maneno," anasema. "Ulikosea kujua ni ya nani." Halafu ananipa kazi: nisome tafakuri ya kwanza pekee, mara tatu. Mara ya kwanza nisome kwa kikao kimoja bila kalamu, hata nisipoelewa. Mara ya pili nizungushie duara kila neno linalogeuza njia, yaani lakini, hata hivyo, labda, basi. Mara ya tatu niandike pembeni mwa kila aya sentensi moja, na mbele ya sentensi hiyo jina la anayeongea. Kama ni Descartes akisema anachokishikilia, rangi ya buluu. Kama ni mawazo anayoyajaribu au pingamizi analolipa nafasi, nyekundu.

Nilidhani ni mambo ya shule ya msingi. Nilifanya kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya, na nikagundua kwamba kurasa nilizoziona kama ukuta ni mabishano ya mtu na nafsi yake. Yanaenda hivi. Msemaji anaanza na hisi: macho na masikio yamewahi kunidanganya, na si busara kumwamini kabisa aliyekudanganya hata mara moja. Duara: lakini. Hisi hudanganya kuhusu vitu vidogo au vya mbali, ila kwamba niko hapa, karibu na moto, nimevaa joho la baridi na kushika karatasi hii, nitatiliaje shaka? Hapo ndipo mimi nilisimama na kunukuu. Ningesoma mistari michache zaidi ningekuta dhihaka. Anajipongeza kwa hoja nzuri, kama vile yeye si mtu anayelala usiku na kuota kwamba yuko karibu na moto uleule, kumbe yuko kitandani bila nguo. Moto umeanguka.

Kisha anajaribu tena. Hata katika ndoto, mbili na tatu ni tano, na mraba una pande nne. Hilo nalo linaangushwa: kama kuna Mungu mwenye uwezo wote, huenda ameniumba nikosee kila ninapojumlisha. Pepo anakuja mwisho, na si kama imani. Msemaji amechoka kwa sababu mazoea ya zamani yanamrudia kila akizubaa, kwa hivyo anaweka dhana nzito upande wa pili wa mizani. Tuseme kuna pepo. Hiyo "tuseme" ndiyo niliyoiruka.

Sehemu hii ya barua siwezi kuilaumu. Mwalimu hakuniambia nisome kwa bidii. Alinionyesha mahali sentensi inapogeuka, na anaeleza kwa nini wanafunzi wazuri huanguka papo hapo: tumezoea vitabu vya shule, ambavyo kila sentensi ni ya mwandishi na kila sentensi ni kweli. Ukisoma Descartes kama kitabu cha baiolojia utatoka na orodha ya madai yanayopingana, halafu useme falsafa haieleweki. Anaongeza dalili ambayo bado naitumia: ukiona mwandishi anakubali jambo kwa wepesi mno, subiri aya inayofuata.

Kuna kitu nilikiongeza mwenyewe, na nashangaa hakimo kwenye barua. Sentensi zangu za pembeni zilikuwa za Kiingereza na zote zilifanana, ziwe za buluu au nyekundu. Siku ya tatu nikahamia Kiswahili cha mtaani, na ghafla sikuhitaji rangi. *Ati siwezi kukosea kwamba nimeketi hapa.* Neno "ati" peke yake linatenga: haya si maneno yangu, nayarudia tu, na pengine siyaamini. Kila mtoto wa Eastlands anajua kulitumia. Kwa dhana nina "tuseme". Kwa pingamizi nina "lakini si". Mwalimu ni mtu wa Kitui na anaongea Kiswahili safi kuliko mimi, ila katika kurasa tatu hakuwahi kufikiri kwamba lugha niliyobishana nayo nyumbani ingenisaidia kusikia mabishano ya mtu wa mwaka wa 1641.

Sasa shida yangu na barua. Inadai kwamba ukiweka rangi sawasawa, "utaona kila sentensi ina mwenyewe." Hiyo si kweli, na mahali inapokosa ukweli ni palepale pa moto.

Baada ya kutaja joho na karatasi, msemaji anauliza atayakanaje haya, isipokuwa ajilinganishe na wendawazimu wanaojiona wafalme ilhali ni maskini, au wanaodhani miili yao ni ya kioo. Kisha anasema hao wamerukwa na akili, na yeye angekuwa mwendawazimu kama wao akiwaiga. Anafunga mlango na kwenda kwenye ndoto. Haya, mwekee rangi. Ni Descartes anayeongea, au ni mtu wa kawaida anayepinga?

Watu wawili waliosoma kuliko mimi na wewe waligombana juu ya sentensi hizo. Michel Foucault, katika kitabu chake cha 1961 kuhusu historia ya wazimu, alizisoma kama buluu. Kwake Descartes anaitoa wazimu nje bila kuijibu: ndoto inapewa nafasi katika shaka, ila anayefikiri hawezi kuwa mwendawazimu. Foucault aliona humo kitu cha karne ile, iliyokuwa ikiwafungia wendawazimu pamoja na maskini. Mwaka wa 1963 Jacques Derrida alitoa mhadhara Paris akasema la, ni nyekundu. Alishika maneno mawili ya Kilatini yanayoanzisha kipande chote, yenye maana ya "lakini labda". Kwa Derrida, hapo ameingia mtu asiye mwanafalsafa, anayeshtuka na kusema jamani, huo si wazimu? Descartes anamtuliza kwa mfano wa ndoto, ambao kila mtu anaujua, kisha anamletea pepo, ambaye ni wazimu kamili. Foucault alimjibu mwaka wa 1972, na hakulegeza.

Kwenye fotokopi yangu, ile tafsiri ya Kiingereza, hakukuwa na "labda" mahali hapo. Ilikuwa na "lakini" tu. Yaani neno ambalo ugomvi wote uliegemea, mwanafunzi wa kuzungushia maduara hangeliona hata akiwa na macho manne. Barua haisemi popote kwamba unasoma tafsiri, na kwamba maneno yanayogeuza njia ni madogo, mepesi kudondoka mfasiri akitaka sentensi iteleze vizuri.

Jibu la Foucault linagusa jambo la pili. Anasema kitabu hiki si hoja peke yake, ni zoezi. Anayesema "mimi" mwanzoni si yuleyule baada ya kurasa tano, maana kutafakari kunambadilisha. Rangi mbili zinafaa kwa mjadala wa watu wawili. Hazifai kwa mtu mmoja anayegeuka taratibu huku akiongea. Descartes mwenyewe alilijua hilo. Akijibu pingamizi za wasomaji wake, alisema angependa wasitosheke na muda mfupi wa kupitia ile tafakuri ya kwanza, bali watumie miezi kadhaa, au angalau wiki, kuyafikiria mambo yaliyomo.

Ratiba yetu ilitupa wiki moja kwa tafakuri zote sita, na insha Ijumaa. Mwalimu alikuwa anafundisha kitabu hicho, sioni vile angekosa kuijua sentensi hiyo. Barua yake inachukua tatizo la muda na kulifanya tatizo la mbinu, tena kwa upole mwingi, kiasi kwamba nilimaliza kuisoma nikiamini kwamba nikikosa tena ni kwa sababu duara zangu ni mbovu. Mbinu ilinisaidia: kwenye sapu nilipata 58. Lakini mwenzangu wa kikundi, niliyempa fotokopi ya barua, alifuata kila hatua, akakwama kwa wendawazimu, akaamua yeye ndiye mjinga. Alikuwa amekwama mahali panapostahili kukwamwa. Hakuna aliyemwambia.

Nilimpigia mwalimu kabla ya kuandika haya, nikamuuliza yeye anaweka rangi gani pale. Alicheka. "Nimebadilisha mara mbili," akasema. "Nilipokuandikia ilikuwa nyekundu."

"Na mbona hukuandika hivyo, mwalimu?"

"Ulikuwa mwaka wa kwanza na 31. Ungetoroka."

Nilimwambia sidhani. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimtumie picha ya ile aya kwenye fotokopi yangu. Nilimtumia. Pembeni pana duara moja, hakuna rangi, na maandishi ya penseli: *ati wao ndio wazimu.*